Ni mazoezi au ni statini? Namna ya kuyatenganisha maumivu ya misuli hatua kwa hatua

Mtu anayefanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki hakosi kuumwa mahali. Leo mapaja, keshokutwa mgongo, na wala hashtuki. Lakini daktari akimwanzishia statini, iwe atorvastatini, rosuvastatini au simvastatini, maumivu yale yale aliyoyazoea yanapata mtuhumiwa mpya. Jirani ameshamwambia kwamba dawa ya kolesteroli inakula misuli. Karatasi iliyo ndani ya boksi nayo imetaja misuli. Akiamka na mapaja mazito, hukumu imeshatoka.

Hapo kuna njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kuacha dawa inayokukinga na mshtuko wa moyo na kiharusi kwa sababu ya maumivu yaliyoletwa na vyuma vya jimu. Ya pili ni kuendelea kuilazimisha misuli ambayo kweli inaumizwa na dawa. Inayotokea mara nyingi zaidi ni ile ya kwanza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikusanya majaribio 19 ambayo mgonjwa hakujua kama anameza statini au kidonge kitupu, na daktari wake pia hakujua. Kwa kila watu 100 waliomeza statini, takriban 27 walilalamika maumivu au udhaifu wa misuli. Kwa waliomeza kidonge kitupu, walikuwa takriban 27 vilevile. Tofauti ilikuwa ndogo mno, 27.1 dhidi ya 26.6. Ziada iliyoonekana ilijikusanya mwaka wa kwanza, kiasi cha watu 11 kwa kila 1000. Kwa hiyo maumivu ya statini yapo kweli, ila ni machache ndani ya kundi kubwa la maumivu mengine.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uanze na mazoezi kabla ya dawa. Ukisimamisha vyote viwili siku moja, maumivu yakaisha, utakuwa umepona bila kujua kilichokuponya. Ili hatua zisielee hewani, tutamfuata mtu mmoja wa mfano. Tumwite Mama Neema, miaka 57, wa Moshi, ana kisukari cha ukubwani, hajawahi kupata tatizo la moyo. Hutembea kwa kasi alfajiri na huenda jimu Jumanne na Ijumaa. Mwanzoni mwa Mei alianzishiwa atorvastatini miligramu 20. Wiki ya tatu mapaja yote mawili yakawa yanauma kiasi kwamba kuinuka kwenye kigoda ilibidi ashike ukuta.

## Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Kabla ya kuchunguza chochote, tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi au soda ya kola, acha kidonge, acha mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ni dalili kwamba misuli inavunjika kwa wingi na mabaki yake yanachujwa kwenye figo. Hapa haijalishi kama chanzo ni dawa au tizi lililopita kiasi, maana vyote viwili vinaweza kufanya hivyo, na matibabu hayasubiri jibu.

Vivyo hivyo ikiwa nguvu zimepotea, si maumivu tu: huwezi kuinua mikono kuchana nywele, au huwezi kupanda ngazi ulizozipanda juzi. Na ukiwa na homa, usianze kuilaumu statini wala jimu. Malaria, dengi na chikungunya huumiza misuli ya mwili mzima, na huku kwetu ndizo za kupimwa mwanzo.

Mama Neema hakuwa na homa, mkojo ulikuwa wa kawaida. Anaruhusiwa kuendelea na hatua zinazofuata taratibu.

## Hatua ya 2: Chora kalenda moja yenye safu tatu

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haina gharama zaidi ya daftari. Safu ya kwanza andika dawa: siku uliyoanza, siku kipimo kilipoongezwa, siku ulipopewa dawa nyingine yoyote. Safu ya pili andika mazoezi, na hasa kilicho kipya: uzito ulioongezwa, zoezi jipya, njia mpya ya kukimbia. Safu ya tatu andika maumivu kila jioni kwa alama kutoka 0 hadi 10, na mahali yalipo.

Kisha tafuta umbo. Maumivu ya mazoezi yana umbo linalojirudia. Hayaji papo hapo. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka na kwa kawaida huisha ndani ya siku tano hadi saba. Ukiyachora yanakuwa vilima: yanapanda baada ya tizi, yanashuka, yanapanda tena. Maumivu ya statini hayana vilima hivyo. Huanza kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita za mwanzo, au baada ya kuongezewa kipimo, mara chache zaidi baada ya wiki 12, na yakishaingia hukaa pale pale siku ya mazoezi na siku ya kupumzika.

Jambo moja huwapoteza hata waliozoea. Kinachoumiza misuli zaidi si ugumu wa zoezi, ni kama misuli inavutwa kurefuka huku imebeba mzigo. Kushuka mlima, kushuka ngazi, kushusha chuma polepole, kuchuchumaa. Mtu anaweza kukimbia kilomita kumi tambarare bila shida, kisha akashuka kilima kimoja na kushindwa kukaa chooni kesho yake. Kwa hiyo usiandike tu "nimekimbia kama kawaida". Andika ulikimbilia wapi.

Daftari la Mama Neema lilisema hivi: vidonge vilianza wiki ya kwanza, maumivu yalianza wiki ya tatu. Kwa upande wa dawa, muda huo unaingia kabisa kwenye dirisha la kushuku. Lakini safu ya pili ilionyesha kwamba Jumanne ya wiki hiyo hiyo ya tatu kocha alimwongezea zoezi la kupiga hatua ndefu huku goti la nyuma likishuka karibu na sakafu, na Alhamisi kundi lake la kutembea lilibadili njia likawa linashuka kutoka Kibosho. Washukiwa wawili, wiki moja. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mtu aliyeambiwa kolesteroli iko juu hupewa dawa, na wakati huo huo anaamua kuongeza mazoezi.

## Hatua ya 3: Soma mahali panapouma, lakini usipaamini sana

Utasoma kila mahali kwamba maumivu ya statini huwa pande zote mbili na kwenye misuli mikubwa: mapaja, makalio, vigimbi vya miguu, mabega. Ni kweli. Tatizo ni kwamba mtu wa jimu hufanyia mazoezi miguu yote miwili, kwa hiyo maumivu yake nayo huwa pande mbili na kwenye misuli mikubwa. Kwa mtu asiyefanya mazoezi alama hii inasaidia. Kwako inasaidia upande mmoja tu: kama paja moja linauma na jingine halina habari, statini karibu haihusiki. Dawa iliyo kwenye damu haichagui mguu.

Swali zuri zaidi ni hili: je, kuna msuli unaouma ambao hukuufanyia kazi? Wiki nzima umefanya miguu tu, lakini mabega yote mawili ni mazito na yanauma. Huo ni ushahidi wa maana. Bonyeza pia kwa kidole gumba. Msuli uliochoshwa na mazoezi huwa na sehemu inayouma ukiibonyeza, huuma ukinyooshwa, hukakamaa asubuhi kisha hulegea ukishapasha mwili moto. Maumivu ya statini watu huyaeleza kama uzito, uchovu wa ndani au kukakamaa kusikopungua hata ukipasha moto, na yapo hata umelala kitandani.

Na kama kinachouma ni goti lenyewe, au nyayo zinawaka moto na kufa ganzi, hiyo ni habari nyingine. Ganzi ya nyayo kwa mwenye kisukari ni ya mishipa ya fahamu, na daktari aijue peke yake.

Mapaja ya Mama Neema yaliuma yote mawili, upande wa mbele, yakibonyezwa aliruka. Kushuka ngazi kulimuumiza kuliko kupanda. Mabega kimya. Kila kitu kinaelekea kwenye mazoezi, lakini bado hakijathibitishwa.

## Hatua ya 4: Angalia nani mwingine ameingia

Statini uliyoitumia mwaka mzima bila shida inaweza kuanza kuumiza kwa sababu ya dawa ya pili inayoizuia kuvunjwavunjwa kwenye ini, ikajaa mwilini. Simvastatini ndiyo inayoathirika zaidi kwa hili, atorvastatini inafuata. Rosuvastatini na pravastatini hupitia njia tofauti. Wa kuangaliwa ni antibiotiki za erithromisini na klarithromisini, dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli na ketokonazoli, na dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri. Anayemeza amlodipini kwa ajili ya presha hapaswi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Hii ni rahisi kuipita, maana amlodipini iko kwenye kila mfuko wa dawa za presha. Juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi nayo inaleta shida ya aina hiyo hiyo.

Kisha muulize daktari kuhusu tezi la shingo. Tezi likizembea hupandisha kolesteroli, huumiza misuli na hata hupandisha kipimo cha misuli kwenye damu, yote kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo hupewa statini kwa kolesteroli, kisha statini inalaumiwa kwa misuli, na tezi halijaguswa. Kipimo chake kwenye fomu ya maabara ni TSH. Upungufu mkubwa wa vitamini D nao unafaa kuulizwa kwa mtu asiyepata jua.

Kabla ya kuendelea, weka kando diklofenaki na ibuprofeni kama unaweza kuvumilia. Zinafuta alama za daftari lako, na misuli ikiwa kweli inavunjika zinaiongezea figo mzigo.

## Hatua ya 5: Wiki moja ya kupumzisha misuli, dawa ikiendelea

Sasa jaribio la kwanza. Kwa siku saba acha vyuma, kukimbia na kila kilima. Tembea taratibu mahali tambarare ukitaka. Kidonge kiendelee kila siku kama kawaida. Wengi hufanya kinyume: wanaacha kidonge na kuendelea na tizi, kwa sababu kidonge hawakipendi na tizi wanalipenda. Anza na mazoezi, kwa sababu kuyasimamisha wiki moja hakuna hatari, jibu lake ni la haraka, na hahitajiki daktari kukuruhusu.

Wiki hii iwe ya kupumzika kweli. Kulima shamba, kuhama nyumba na kubeba ndoo za maji ghorofani ni mazoezi, hata kama hukuvaa raba.

Maumivu yakishuka hadi sifuri ndani ya wiki huku dawa ikiendelea, umepata jibu na unaweza kuishia hapa. Yakibaki vile vile, siku ya saba sawa na siku ya kwanza, shaka juu ya dawa inapanda. Mama Neema alianza Jumamosi akiwa na 7. Jumatano alikuwa na 2. Lakini hiyo 2 haikuondoka. Kila jioni mapaja yote mawili yalikuwa na uzito fulani, na mpaka siku ya saba ulikuwa upo. Jibu la katikati, ambalo ndilo jibu linalowachosha watu wengi zaidi.

## Hatua ya 6: Kipimo cha CK, na siku ya kukitoa

CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli na kumwagika kwenye damu misuli inapojeruhiwa. Maabara nyingine huandika CPK. Kwa anayefanya mazoezi, kipimo hiki kikichukuliwa siku isiyofaa hudanganya vibaya. Tizi zito hukipandisha kwa siku kadhaa, na baada ya kushuka mlima au kubeba vyuma ambavyo mwili haujavizoea kinaweza kupita mara kumi ya kiwango cha juu kwa mtu mzima wa afya ambaye hajawahi kuonja statini.

Toa damu siku ya mwisho ya ile wiki ya kupumzika, si mapema zaidi. Hakuna sindano ya msuli siku zilizotangulia, maana nayo hukipandisha.

Jambo la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Watu weusi kwa kawaida wana CK ya juu kuliko Wazungu bila ugonjwa wowote. Mwongozo wa wataalamu wa mishipa ya fahamu wa Ulaya wa mwaka 2010 uliweka ukomo wa kawaida kwa wanaume weusi karibu 800 na kwa wanawake weusi karibu 400, huku kwa wengine ukiwa chini ya nusu ya hapo kwa wanaume na karibu nusu kwa wanawake. Maabara nyingi hazitofautishi. Fomu inaandika ukomo wa 170 au 200 kwa kila mtu, na chochote kilichozidi kinapigwa nyota. Mtu mweusi mwenye misuli aliyetoka jimu jana anaweza kupata nyota hiyo maisha yake yote. Laiti kila anayeanza statini angepimwa CK mara moja kabla ya kidonge cha kwanza, akiwa amepumzika, mabishano mengi yangekwisha kabla hayajaanza.

Madaktari hutumia ngazi mbili. CK ikiwa chini ya mara nne ya ukomo, si dharura; dawa inaweza kuendelea au kusimamishwa kwa majaribio. Ikivuka mara nne na unaumwa, statini husimamishwa na kipimo hurudiwa. Ikivuka mara kumi, dawa inasimama mara moja na figo zinapimwa. CK ya kawaida nayo haikuhakikishii kwamba statini haihusiki, kwa sababu wengi wanaoumizwa nayo hupata maumivu bila CK kupanda.

Mama Neema alikuwa ameshatoa damu Jumamosi ya kwanza, asubuhi baada ya jimu la Ijumaa. Ilisoma 640, ukomo wa maabara 170, karibu mara nne. Alirudi nyumbani ameamua kuvitupa vidonge. Mwisho wa wiki ya kupumzika, akiwa bado anameza atorvastatini ile ile, ilisoma 205. Kama dawa ndiyo iliyokuwa ikimwaga CK, isingeporomoka namna hiyo dawa ikiwa bado ndani.

Anayepimwa ini wakati huo aangalie pia AST na ALT. Vimeng'enya hivi vimo kwenye misuli vilevile, hupanda baada ya tizi zito, na mtu huambiwa statini imemharibu ini kumbe ni mapaja yanayozungumza.

## Hatua ya 7: Kusimamisha dawa, kwa ruhusa na kwa muda maalumu

Hatua hii haifanywi na mtu peke yake. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, au aliyewekewa stenti, kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, asiiguse dawa bila daktari wake wa moyo kusema. Wengine ambao hawajapata tukio lolote kwa kawaida wanaweza kupumzika wiki mbili hadi nne bila madhara makubwa.

Mama Neema alikwenda na daftari lake. "Shikamoo mama," daktari alianza, naye akajibu marahaba na kusogeza daftari mezani. "Hapa kuna kilichoshuka na kuna kilichobaki," akasema. "Kilichobaki ndicho ninachotaka kukijua." Wakakubaliana wiki nne bila atorvastatini, na daktari akaweka sharti ambalo wengi hulisahau: mazoezi yarudi yale yale, Jumanne na Ijumaa, pamoja na lile zoezi jipya, bila kuongeza wala kupunguza. Mazoezi yakipungua wakati dawa imesimama, umebadilisha vitu viwili.

Maumivu ya kweli ya statini huanza kupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Katika wiki ya kwanza bila dawa alipata 4 kila baada ya jimu, wiki ya pili 2, wiki ya tatu sifuri. Nyumbani wakapiga makofi: dawa ndiyo ilikuwa mbaya.

Kocha wake hakukubali. Alionyesha kwamba ndani ya wiki ya kwanza, dawa ikiwa imesimama, maumivu bado yalipanda Jumatano na Jumamosi, vilima vile vile vya siku baada ya tizi. Tena misuli ikishapigwa na zoezi jipya mara kadhaa, hujikinga. Mara ya tano zoezi lile lile huumiza kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Huenda maumivu yaliisha kwa sababu mapaja yamezoea. Mpaka hapo wote wawili wangeweza kuwa sahihi.

## Hatua ya 8: Kurudisha dawa

Hapa ndipo ukweli hutokea, na hapa ndipo watu wengi hawafiki kwa sababu maumivu yameisha na hawataki kuyachokoza. Dawa ile ile, kipimo kile kile, mazoezi yale yale, daftari likiendelea kwa wiki nne. Maumivu ya statini yakirudishwa hurudi mahali pale pale, kwa kawaida ndani ya wiki nne. Yasiporudi, dawa imesafishwa jina.

Ujue pia kwamba kutarajia maumivu kunaleta maumivu, na si ya kujifanya. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Imperial cha London lililochapishwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa makopo ya mwezi mmoja mmoja: mengine yana statini, mengine vidonge vitupu, mengine hayana kitu. Walipomeza vidonge vitupu walipata takriban asilimia 90 ya mateso waliyoyapata walipomeza statini. Ndiyo maana alama iandikwe kila jioni kabla ya kutazama alama ya jana, na ikiwezekana mtu mwingine ndiye ashike daftari.

Mama Neema alirudia atorvastatini miligramu 20. Wiki ya kwanza alama 1 siku mbili, kisha sifuri mpaka wiki ya nne, na lile zoezi la hatua ndefu lipo pale pale. Daktari aliandika kwamba maumivu hayakutokana na statini, na kwamba CK isipimwe tena bila dalili.

## Yakirudi kweli

Kwa wachache yatarudi, paja lile lile, wiki ya pili au ya tatu, siku ya jimu na siku ya kulala. Huyo naye hajafika mwisho wa njia. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili kwenda rosuvastatini kidogo au pravastatini, kumpa rosuvastatini siku moja na kuruka nyingine kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, au kuongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, ili kipimo kidogo cha statini kitoshe. Aliyeshindwa moja mara nyingi huivumilia nyingine. Ila nguvu zikiendelea kupotea wiki kadhaa baada ya dawa kusimama na CK ikabaki juu sana, kuna ugonjwa wa nadra ambao mwili wenyewe hushambulia misuli; huo huhitaji mtaalamu na kipimo maalumu cha damu, na mgonjwa huyo harudishiwi statini.

Wapo pia wanaouliza kama statini huzidisha majeraha ya tizi lenyewe. Kwa mazoezi makali sana, kidogo ndiyo: wakimbiaji wa mbio ndefu za Boston waliokuwa wakitumia statini walionekana kuwa na CK ya juu zaidi siku moja baada ya mbio kuliko wasioitumia. Kwa kutembea, hata kutembea kwingi, habari ni njema. Huko Nijmegen, Uholanzi, watumiaji wa statini walipimwa wakitembea kilomita 30 hadi 50 kwa siku kwa siku nne mfululizo, wakiwemo wenye maumivu ya misuli, na misuli yao haikujeruhiwa kuliko ya wasiotumia.

Kwa hiyo unapoanza statini mpya au kuongezewa kipimo, mpe kocha tarehe. Mwambie kwa wiki sita za mwanzo asiweke zoezi jipya la kuchuchumaa wala kilima cha kushuka, na uzito ubaki ulipo. Baada ya hapo aongeze kitu kimoja, seti moja au mbili tu wiki ya kwanza, na daftari libaki wazi mpaka wiki ya 12.